Tangazo la Kamati ya Maji Liandikwe Kijirani

Vijiji vingi vya Tanzania huendesha mradi wa maji kupitia chombo cha watumia maji, kinachosimamiwa na RUWASA, wakala ulioundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Kila mwezi katibu hubandika tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Watu hupita, hutupa jicho, huenda zao. Tuchukue tangazo la mfano, la mwezi Machi:

"Kamati inapenda kuwataarifu wanajumuiya wote kuwa katika kipindi cha mwezi Machi jumla ya shilingi 612,000 zilikusanywa kutokana na mauzo ya maji, ambapo shilingi 485,000 zilitumika kugharamia uendeshaji na matengenezo. Aidha, kumekuwepo na changamoto ya upatikanaji wa maji katika baadhi ya vituo kutokana na hitilafu ya kiufundi. Hatua stahiki zinaendelea kuchukuliwa. Wananchi wanaombwa kutoa ushirikiano."

Hakuna uongo hapo. Hata hivyo, mama aliyebeba ndoo tupu hajaambiwa ni vituo vipi vimekauka, maji yatarudi lini, wala anaombwa ushirikiano gani. Lugha hii hufaa kwenye jalada, kwa sababu mkaguzi anatafuta kumbukumbu ya kikao. Jirani anatafuta maji.

Anayeliandika upya asianze kwa kubadili maneno, bali arudi kwenye daftari la mauzo na dira ya tangi, maana majibu yako huko. Katika mfano wetu ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Shilingi 612,000 ni sawa na ndoo 12,240, yaani lita 244,800. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo maji yaliyolipiwa ni kama uniti 245. Dira ya tangi inaonyesha zimetoka uniti 340. Uniti 95, zaidi ya robo ya maji yote, hazikuingiza hata senti. Tangazo la kwanza halikuligusa jambo hilo kabisa, kwa kuwa lilitaja fedha peke yake bila kuzilinganisha na maji.

Sasa lisomeke hivi:

"Majirani, habari za leo. Kituo cha shuleni na cha zahanati havina maji tangu tarehe 18 Machi. Bomba la inchi 2 limepasuka kati ya tangi na shule. Fundi anakuja Jumamosi, na tunatakiwa kumchimbia mtaro wa mita 30. Mwenye jembe aje saa 1 asubuhi pale shuleni. Bomba likiunga vizuri, maji yatatoka jioni hiyohiyo. Lisipounga, tutawaambia Jumapili.

Mwezi Machi tumeuza maji ya shilingi 612,000. Umeme wa pampu umekula 260,000, posho za wauzaji 150,000, koki na fundi 75,000. Zimebaki 127,000.

Jambo moja linatusumbua. Tangi limetoa uniti 340, zilizolipiwa ni 245 tu. Nyingine huenda zimevuja pale bomba lilipopasuka, huenda pia zimechotwa bila kuandikwa. Hatujui bado. Bomba likishatengenezwa tutasoma dira upya kwa wiki moja. Ukiona ardhi imelowa bila mvua, mwambie katibu."

Kinachoumiza jirani leo ndicho kimetangulia, hesabu zikafuata. Waliochukua hatua wanaonekana, na ushirikiano umepewa siku, saa na jembe.

Hata hivyo, ujirani una mipaka yake. Tarakimu na tarehe hazizungushwi ili zipendeze. Uamuzi wa mkutano huandikwa kama ulivyopitishwa, si kama mwandishi alivyotamani. Majina ya wanaodaiwa hayabandikwi ubaoni, wala muuzaji hatuhumiwi kwa sababu ya zile uniti 95. Tofauti ikiisha baada ya bomba kuungwa, chanzo kilikuwa uvujaji. Ikibaki vilevile, basi daftari na mauzo ya kila kituo vikaguliwe.

Kabla ya kubandika, katibu amsomee mtu mmoja ambaye hakuwa kikaoni, kisha amuulize: maji yamekatika wapi, yatarudi lini, fedha zimekwenda wapi, na wewe ufanye nini? Akikwama kwenye swali lolote, sentensi hiyo iandikwe tena. Muhtasari rasmi ubaki kwenye jalada kwa ajili ya mkaguzi na mkutano mkuu wa kijiji.

Makatibu, ubao ule ni wa wanaochota maji. Mwezi ujao waandikieni wao.