Barua ya Sista Kuhusu Kitanda Namba Nne

Barua imebandikwa ukutani kwenye chumba cha wauguzi, karatasi mbili zilizopigwa chapa, na inaanza bila salamu ndefu: "Ndugu zangu wa Wodi ya Wanaume, mgonjwa wa kitanda namba nne ana kifua kikuu cha mapafu. Tumekaa naye siku saba tukimtibu nimonia. Naomba kila mmoja asome mpaka mwisho kabla ya kuuliza ni nani alikuwa zamu."

Barua hii ni ya mfano na hospitali yake haina jina, ila hakuna kilichomo ndani yake ambacho wahudumu wa wodini hawakijui. Iweke popote nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi wa Julai, baridi imeshika na madirisha yamefungwa tangu saa kumi na mbili jioni. Anayeandika ni muuguzi wa kudhibiti maambukizi, yule anayeonekana wodini akikagua ndoo za taka na masanduku ya sindano, na ambaye wengi humkumbuka pale tu jambo linapoharibika.

Mgonjwa mwenyewe ni mkulima wa miaka 58 mwenye kisukari. Alifika Jumatatu usiku akiwa na homa, anahema, sukari imesoma 22. Daktari wa mapokezi alimuuliza amekohoa muda gani, naye akajibu siku tatu. Hapo ndipo mambo yalipopindia. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinamfanya mtu ashukiwe kuwa na kifua kikuu papo hapo. Cha siku tatu kinamfanya awe mgonjwa wa nimonia. Mzee hakudanganya. Siku tatu ndizo alizoshindwa kulala. Kukohoa kwenyewe kulianza kabla ya kuvuna mahindi, lakini kwa mkulima wa sehemu za baridi kikohozi kidogo si ugonjwa, na hakuna aliyemgeukia mke wake aliyekaa pembeni ameshika kapu.

Jumanne picha ya eksirei ilionyesha kivuli chini ya pafu la kulia. Vitabu vingi humfundisha mwanafunzi kukitafuta kifua kikuu juu, karibu na bega, na huko ndiko kinakoonekana mara nyingi. Kwa mwenye kisukari, au mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka, kinaweza kukaa chini na kufanana kabisa na nimonia ya kawaida. Picha basi haikupinga kilichokwisha kuandikwa kwenye faili. Akaanzishiwa sindano za seftriaksoni.

Jumatano homa haikushuka, wakaongeza levofloksasini. Alhamisi homa ikateremka, mgonjwa akaomba uji, na kwenye raundi ikasemekana kwamba akiendelea hivi ataruhusiwa mwishoni mwa wiki. Sista anaitulia siku hii kuliko nyingine zote katika barua yake, na nadhani amefanya vizuri. "Levofloksasini inaua bakteria wa nimonia," ameandika, "lakini inaua pia baadhi ya bakteria wa TB. Mgonjwa anapata nafuu, sisi tunafurahi, kumbe tumefunika moto kwa majivu." Nafuu ya namna hiyo haidumu. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja kwa sababu dawa moja ikiachwa peke yake huua bakteria dhaifu na kuwabakiza wale wanaoihimili. Kwa hiyo dawa hiyo ilichelewesha utambuzi, na ingeendelea kutolewa yenyewe kwa muda ingeweza kuzalisha usugu.

Kuna pia suala la kikopo. Alhamisi hiyohiyo daktari kijana aliagiza makohozi yapimwe. Alikuwa na wasiwasi, anastahili sifa yake. Mgonjwa akapewa kikopo, akaambiwa ateme. Akatema mate. Ijumaa mchana maabara ikakirudisha na karatasi iliyoandikwa kwamba sampuli haifai, karatasi ikabanwa nyuma ya faili, wikendi ikaingia. Sista haandiki kwamba mtu alizembea. Anaeleza namna makohozi yanavyochukuliwa: mgonjwa asukutue kinywa kwa maji, atolewe nje penye hewa, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka ndani ya kifua. Muuguzi akitazame kikopo kabla ya kukifunga. Kilichomo kikiwa chepesi na cheupe chenye povu kama sabuni, hayo ni mate, na kukipeleka maabara ni kupoteza siku.

Aliyekikamata kifua kikuu hatimaye alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, Jumapili, alipokuwa akibadilisha mashuka. Shuka la chini lilikuwa limelowa jasho mpaka kwenye godoro, na usiku ule ulikuwa wa kuvaa sweta. Akamuuliza mke wa mgonjwa, "Mama, nyumbani anatoka jasho hivi?" Mama akajibu kwamba tangu mwezi wa nne anaanika blanketi kila asubuhi, na kwamba suruali za mzee sasa anazifunga kwa kamba. Jasho la usiku, kukonda, homa na kikohozi ndizo dalili nne ambazo kila mgonjwa anayelazwa anapaswa kuulizwa. Zote alikuwa nazo, na zote zingejulikana kwa mazungumzo ya dakika mbili na mtu sahihi.

Jumatatu asubuhi sampuli nzuri ilifika maabara. Mashine ya GeneXpert huchukua chini ya saa mbili kutafuta vinasaba vya bakteria na kuangalia kama wana usugu dhidi ya rifampisini. Kabla ya saa sita mchana kioo kikaandika MTB DETECTED HIGH, na chini yake RIF Resistance NOT DETECTED. Yaani bakteria wapo, ni wengi, na dawa za kawaida zinatarajiwa kuwaweza. Dozi ya kwanza alimeza mchana uleule, katika chumba cha peke yake mwisho wa wodi.

Sehemu ya pili ya barua inajibu swali ambalo kila mtu alikuwa akiliuliza kwa sauti ya chini: je, sisi tumeambukizwa? Kabla ya kujibu, sista anazuia mambo mawili yaliyokwisha kuanza. Godoro la kitanda namba nne lilikuwa limetolewa nje lichomwe, na sakafu ilikuwa imemwagiwa Jiki hadi watu wakatoka machozi. Godoro lirudishwe, anasema, lifutwe kama kawaida. Kifua kikuu hakikai kwenye godoro kikamngoja mtu, wala hakipiti kwenye vikombe na sahani. Kinapita hewani. Mgonjwa akikohoa hutoa vitone vidogo mno vinavyokauka na kuelea kwa saa nyingi, na anayevivuta hadi ndani ya mapafu ndiye aliye hatarini.

Jambo hili lilithibitishwa kwa simbilisi, wanyama ambao wakazi wa Njombe na Iringa wanawafahamu kwa matumizi mengine kabisa. Huko Baltimore, Marekani, katika miaka ya 1950, daktari Richard Riley na wenzake walichukua hewa iliyotoka kwenye vyumba vya wagonjwa wa kifua kikuu na kuipitisha katika vizimba vya simbilisi waliowekwa juu yake. Wanyama hawakugusana na mgonjwa yeyote, wakaambukizwa. Kundi jingine lililopewa hewa hiyohiyo baada ya kupigwa mwanga wa urujuanimno halikuambukizwa. Tena ilionekana kwamba wagonjwa wachache tu ndio waliosababisha sehemu kubwa ya maambukizi, na waliokuwa kwenye dawa sahihi walikuwa na hatari ndogo sana kuliko wasiotibiwa. Ndiyo maana sista anaandika sentensi ambayo baadhi ya wenzake waliipigia mstari: "Mnamwogopa mgonjwa wa TB mnayemjua, aliyeanza dawa. Mwogopeni yule mliyemwandikia ugonjwa mwingine."

Kutokana na hilo, orodha yake ya waliokuwa hatarini haifuati vyeo wala nani alimgusa mgonjwa. Inafuata hewa. Wa kwanza ni mke wa mgonjwa na wajukuu wanaolala chumba kimoja naye nyumbani, wakitangulia walio chini ya miaka mitano, maana watoto wa umri huo huugua upesi na vibaya. Wanafuata wagonjwa wa vitanda vya jirani, kisha wahudumu wa zamu za usiku. Katika hao, muuguzi aliyemwekea mgonjwa nebulaiza usiku wa Jumatano amewekewa alama ya pekee, kwa sababu tiba ile humfanya mgonjwa akohoe sana, na chumba kilikuwa kimefungwa.

Upimaji una mtego wake. Kipimo cha ngozi au cha damu kinachoonyesha kwamba mtu amepata bakteria huweza kuchukua wiki mbili hadi nane kugeuka baada ya maambukizi. Anayepimwa kesho na kukuta hana kitu amejua habari za zamani tu. Wiki hii iliyopita haimo. Kwa hiyo watapimwa sasa na kurudiwa baada ya miezi miwili. Kuambukizwa nako si kuugua: katika watu kumi wenye kinga nzuri waliopata bakteria, kwa kawaida hata zaidi ya mmoja haugui maishani, na wengi wa wanaougua huugua ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Mwenye virusi vya Ukimwi hesabu yake ni nzito zaidi. Ipo dawa ya kinga, ama isoniazidi kila siku kwa miezi sita, ama isoniazidi pamoja na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Haitolewi kabla ya kuhakikisha mtu hana ugonjwa wenyewe, kwa sababu ileile ya levofloksasini. Sista anaongeza kwa adabu kwamba mwenye hali yoyote inayopunguza kinga, au mjamzito, amwone ofisini peke yake, hana haja ya kujieleza mbele ya wenzake.

Kuhusu madirisha najua atabishiwa. Amri yake ni kwamba yale ya pande mbili zinazotazamana yaachwe wazi usiku na mchana, wagonjwa waongezewe blanketi. Ushahidi upo upande wake: utafiti wa hospitali za Lima, Peru, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta vyumba vikifunguliwa madirisha na milango hewa hubadilika mara 28 kwa saa, wakati vile vyenye mitambo vilikadiriwa mara 12. Wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa zilishinda zile mpya. Lakini usiku wa Julai mgonjwa anayetetemeka atamwomba muuguzi afunge, na muuguzi atafunga. Blanketi zisipokuja kweli, amri hiyo itakufa ndani ya wiki.

Barakoa za N95 zitawekwa mlangoni kwa wahudumu, na mgonjwa yeyote anayekohoa atapewa ile ya kawaida ya upasuaji tangu mapokezi. Kila faili jipya litakuwa na mhuri wa maswali manne, na mstari wa tano unaouliza: ndugu wa mgonjwa ameulizwa? Mhuri huo ni wa bei rahisi, na kwa maoni yangu ndio wenye thamani kuliko yote yaliyomo barua nzima.

Kinachobaki ni ombi lililo chini kabisa, ambalo halikuandikiwa wodi ila uongozi: fundi wa maabara apangiwe zamu ya Jumamosi na Jumapili. Mashine inayotoa jibu kwa saa mbili ilikaa siku mbili imezimwa, hatua chache kutoka kitanda namba nne, na hata muuguzi yule wa usiku angeshtuka Ijumaa, kikopo chake kingengoja Jumatatu vilevile. Pembeni mwa ombi hilo mtu ameandika kwa kalamu, "Imepokelewa." Tarehe hakuweka.