Tairi Mbili za Mbele na Jamvi la Ghala

Foklifti ya kubeba tani 3 yenyewe ina uzito wa takribani tani 4 na nusu. Wengi wakisikia hivyo hujumlisha, wakapata tani 7 na nusu, kisha wakagawa kwa magurudumu manne. Hapo ndipo hesabu ya jamvi inapoharibika. Foklifti ikishanyanyua mzigo wake kamili huwa kama mizani: tairi za mbele ni egemeo, mzigo uko upande mmoja na chuma kizito cha nyuma upande wa pili. Karibu asilimia 90 ya uzito wote huangukia mbele. Kila tairi ya mbele, basi, hukanyaga zege kwa karibu tani 3.4, juu ya eneo dogo kama kisahani.

Magunia yaliyopangwa hadi juu huogopesha zaidi kwa macho, lakini uzito wake umetandazwa. Tairi hukandamiza sehemu moja, jamvi likapinda kidogo kuelekea chini, na upande wake wa chini ukavutika. Zege ni hodari wa kubanwa, ila kwa kuvutwa ni dhaifu: zege la C25/30 likipindwa hupasuka mvuto ukifika kama niutoni 3.7 kwa kila milimita ya mraba.

Njia ya kukadiria mvuto huo ilitolewa miaka ya 1920 na Harald Westergaard, mzaliwa wa Denmaki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, akishughulikia barabara za zege. Tukiitumia kwa foklifti yetu, kwenye udongo ulioshindiliwa vizuri, jamvi la milimita 100 hupata mvuto wa niutoni 4. Hilo linaweza kupasuka siku ya kwanza. La milimita 150 hupata 2, na la 180 hupata 1.5. Kwa kuwa foklifti hupita njia ileile maelfu ya mara na zege huchoka, wahandisi hupenda mvuto usizidi nusu ya uwezo wake, yaani kama 1.8. Tairi ya pili nayo huongeza kidogo. Milimita 150 hazitoshi, 180 zinatosha.

Udongo je? Ukiufanya mgumu maradufu, mvuto hupungua kwa asilimia kama 7 tu. Kinachoua jamvi ni udongo usiolingana, kwa mfano mtaro wa bomba uliofukiwa bila kushindiliwa.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya katikati ya jamvi. Tairi ikifika ukingoni, ambako hakuna zege la upande wa pili la kusaidia, mvuto hupanda kwa karibu nusu nzima: ile 1.5 huwa 2.2. Na kila kiungio, au jointi kama mafundi wanavyoiita, ni ukingo.

Viungio haviepukiki, kwa sababu zege hunywea likikauka. Ghala la mita 18 kwa 27 linaweza kunywea zaidi ya sentimita moja kwa urefu wake, na udongo wa chini hulishikilia. Kama hujalichagulia pa kupasukia, litajichagulia. Kanuni ya kazi ni kuweka viungio kwa umbali wa mara 24 hadi 30 ya unene. Kwa milimita 180, mita 4.5 zinafaa: ghala letu linagawanyika vipande 24 vya mraba.

Kila kiungio kitafunguka kama milimita 2. Kokoto za pande mbili hushikana kama meno, lakini ufa ukizidi milimita moja hivi meno hayo huachana. Kwa hiyo kwenye njia za foklifti huwekwa nondo laini za kuvuka kiungio, zilizonyooka sawasawa na kupakwa grisi upande mmoja, ili vipande visogee bila kuachiana mzigo. Wavu wa BRC haufanyi kazi hiyo, hasa ukikanyagwa hadi ukalala juu ya udongo.

Muda wa kukata ndio unaoponza wengi. Msumeno uingie robo hadi theluthi ya unene, milimita 45 hadi 60, kati ya saa 4 na 12 baada ya kulainisha uso. Kwenye joto la Dar es Salaam, mapema zaidi kuliko kuchelewa. Kokoto zikichomoka pembeni mwa mkato, bado mapema. Fundi akienda kulala na kurudi asubuhi, huenda akakuta ufa umeshamtangulia.

Mwenye ghala asimame kando ya kiungio foklifti yenye mzigo inapopita. Akiona ukingo unacheza, au akisikia mlio wa uwazi chini, aite mhandisi wiki hiyohiyo, kabla kingo hazijaanza kumeguka.