Jibu fupi la mtihani: Mistari mingi si alama nyingi

MWANAFUNZI anayeulizwa swali la alama mbili huweza kuandika mistari saba na bado akaambulia patupu. Akirudishiwa karatasi, hudhani ameonewa. Ukweli ni kwamba katika swali fupi mtahini hahesabu mistari, bali hutafuta hoja zilizomo katika mwongozo wa kusahihisha.

Chukua mfano wa swali la sarufi katika Kiswahili cha shule ya upili: ‘Eleza kufanana na tofauti ya sauti /p/ na /b/ (alama 2).’ Hapa hoja ni mbili, kila moja ikiwa na alama moja. Ya kwanza ni kwamba zote ni vipasuo vya midomo. Ya pili ni kwamba /b/ ni ghuna, yaani nyuzi za sauti hutetemeka inapotamkwa, ilhali /p/ ni sighuna.

Sasa tuseme mwanafunzi ameandika hivi: ‘Kiswahili kina irabu na konsonanti. Irabu ni tano. Sauti /p/ na /b/ ni konsonanti na hutamkwa kwa mdomo. Lakini /b/ hutamkwa kwa nguvu zaidi.’

Mtahini huanza kwa kuondoa yasiyoulizwa. Sentensi mbili za mwanzo ni za kweli, ila hazijibu swali, hivyo hazina alama. Si kawaida kumwadhibu mtu kwa maelezo kama hayo, lakini yamemlia muda.

Kisha hupima usahihi wa yaliyobaki. Kusema sauti ni konsonanti hakutoshi, kwa kuwa hata /k/ na /s/ ni konsonanti. ‘Kwa mdomo’ nako si sawa na ‘kwa midomo’, yaani mdomo wa juu na wa chini kukutana. Sauti /k/ pia hutokea kinywani, lakini midomo haikutani. Hatimaye, ‘kwa nguvu zaidi’ hakuonyeshi kutetemeka kwa nyuzi za sauti. Jibu hilo halina hata alama moja.

Kosa jingine ni kutaja upande mmoja. Anayeandika ‘/b/ ni ghuna’ kisha akanyamaza hajaonyesha tofauti, maana tofauti huhitaji pande mbili. Na anayeongeza kwamba /p/ pia ni ghuna amejipinga mwenyewe, hivyo nyongeza yake imeiharibu hoja aliyokuwa ameipata.

Jibu kamili ni sentensi mbili tu: ‘Sauti zote mbili ni vipasuo vya midomo. Hata hivyo, /b/ ni ghuna ilhali /p/ ni sighuna.’

Kabla ya kuhamia swali jingine, mtahiniwa na aisome kila sentensi yake peke yake. Ikiwa yaweza kusemwa kuhusu sauti nyingine yoyote bila kubadilika, basi bado haijalijibu swali.