Fahamu: Simu haiwaki kabisa, tatizo liko wapi?

Simu iliyoisha chaji na kukaa wiki kadhaa huwa na betri iliyoshuka mno, na ukiichomeka skrini hubaki nyeusi. Iache kwenye chaja nzima kwa nusu saa kabla ya kuhukumu.

Ikibaki kimya, mulika tundu la chaji kwa tochi. Vumbi la mfukoni hushindiliwa ndani, kichwa cha waya kikawa hakizami hadi mwisho na kinachezacheza. Litoe kwa kijiti cha meno, si sindano, maana chuma huweza kuunganisha pini.

Pengine simu haijafa, mfumo wake umeganda tu. Kwa Samsung nyingi, ikiwa kwenye chaja, bonyeza pamoja kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa zaidi ya sekunde 7. Hilo halifuti picha wala namba.

Ikishindikana, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupima umeme. Bodi ikivuta umeme kabla hata kitufe hakijabonyezwa, kuna shoti, na betri mpya haitasaidia. Usilipie betri kabla hajakuonyesha kipimo hicho.