Uso umevimba, mahafali keshokutwa: namna ya kupiga picha isiyosema uongo

Kila msimu wa mahafali nikiwapiga wenzangu picha hapa Dodoma, hakosi mmoja mwenye plasta au shavu lililovimba. Wengi hukimbilia filta ya urembo, picha inatoka na uso kama wa sanamu la dukani. Shida ni kwamba jeraha lina sehemu mbili, yaani umbo na rangi, na kila moja ina dawa yake. Uvimbe ni umbo, hauondoki kwa pauda. Mvilio wa damu ni rangi, hauondoki kwa kugeuza uso peke yake.

Chukua mfano wa mwenzangu mmoja aliyeanguka na bodaboda siku mbili kabla ya picha. Shavu la kushoto lilivimba na kuwa la zambarau iliyokolea, na juu ya nyusi palikuwa na mkwaruzo wenye plasta ndogo. Kabla ya yote, alipigwa picha ya jeraha kama lilivyo. Ajali au kipigo kinahitaji fomu ya PF3 ya polisi na matibabu, na picha isiyoguswa inaweza kukusaidia baadaye. Ukiona ukungu machoni, ukitapika au kichwa kikizidi kuuma, achana na picha, nenda hospitali. Yeye hakuwa na dalili hizo, hivyo siku ya kwanza alijikanda kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hivi kila mara, na usiku akalalia mto wa juu.

Siku ya picha tulianza na umbo. Jua la Dodoma la saa 6 mchana linapiga kutoka juu, kila kivimbe kinatupa kivuli chini yake, na kofia ya mahafali inaongeza kingine. Tukasubiri saa 11 jioni, akasimama kwenye kivuli cha baraza akiangalia nje kwenye mwanga. Mwanga unaotoka mbele hupunguza vivuli, shavu likaonekana tambarare zaidi. Akashika karatasi la manila jeupe usawa wa kifua, nje ya fremu, ili mwanga urudi chini ya shavu.

Kisha akageuza uso kidogo tu, shavu bovu likawa upande wa mbali. Hapa wengi wanakosea: wanageuka sana hadi uvimbe unakuwa ndio ukingo wa uso, na unachomoza kama kilima. Ukiona mstari wa shavu umevunjika, rudi kidogo mbele. Mimi nilisimama kama mita 2 na kutumia zumu ya 2x, maana simu ikiwa karibu sana na uso inapotosha maumbo.

Tukaja kwenye rangi. Kwenye ngozi ya kahawia, fandesheni peke yake juu ya zambarau hutoa kijivu, kama majivu. Weka kwanza rangi ya chungwa, hata lipstiki ya rangi hiyo, kiasi kidogo sana, ukigongagonga kwa ncha ya kidole bila kusugua. Rangi hiyo inaua ubluu. Juu yake ndio fandesheni inayofanana na shingo yako, halafu pauda, kwa sababu ngozi iliyovimba imevutika na inang'aa. Usipake chochote kwenye kidonda kibichi. Plasta yake tuliiacha palepale.

Plasta hiyo niliiondoa kwenye simu, kwa Snapseed, kifaa cha `Healing`. Kinanakili ngozi ya jirani, hivyo kinafaa kwa kitu kidogo chenye ngozi safi pande zote. Kuza picha kwanza ili brashi iwe ndogo. Usikitumie kwenye mvilio ulio karibu na jicho, utajikuta umepandikiza kope shavuni. Kwa weusi uliobaki nilitumia `Brush`, upande wa `Exposure`, kiwango cha 0.3, nikapitisha mara moja. Weusi ulipungua, haukuisha, na ndivyo inavyotakiwa.

Utajuaje umezidisha? Linganisha mashavu mawili. Kama moja lina vinyweleo na mng'ao kidogo na jingine ni laini kama plastiki, umeharibu, rudi nyuma. Halafu iangalie picha kwa ukubwa utakaochapisha, usiikuze hadi jicho lijae kioo, kwani hakuna shangazi atakayeiangalia ukutani namna hiyo.

Uvimbe mkubwa unaofunga jicho hauna ujanja huu. Hapo piga picha ya kundi siku yenyewe, ya peke yako irudie mvilio ukiisha, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi. Joho unaweza kuazima tena.