Kadi ya Muhuri katika Duka la Vipodozi

Msomaji wetu mmoja, dada aliyehamia Amalemba mjini Kakamega pamoja na mumewe, ametuandikia kuhusu duka lake dogo la vipodozi. Huuza mafuta ya kujipaka, sabuni, sodo na vitu vya nywele. Wateja wake ni akina mama wa mtaani na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro waliopanga vyumba karibu naye. Ili wasimkimbie, aliwagawia kadi: anayenunua chupa tisa za mafuta hupewa ya kumi bure. Miezi imepita, kadi zilizojaa ni chache, na zile zilizojaa zimempunguzia faida. Anauliza kasoro iko wapi.

Tuliziangalia hesabu alizotuletea. Chupa moja huinunua kwa shilingi 165 na kuiuza 200, hivyo faida yake ni 35. Chupa tisa humpa 315, kisha ya kumi humtoa 165, akabakiwa na 150. Mteja huona amepewa punguzo dogo tu, kumbe mwenye duka ametoa zaidi ya nusu ya faida yake. Zawadi haitoki katika mauzo; hutoka katika faida, na humo ndimo ipimwe.

Kasoro ya pili ni muda. Chupa moja hutumika takriban mwezi mzima, basi kadi ya chupa tisa hudai subira ya miezi tisa. Nani ataitunza karatasi mkobani muda wote huo?

Tumemshauri aache kuhesabu chupa, ahesabu shilingi: muhuri mmoja kwa kila shilingi 200 zilizotumika siku moja, iwe ni sabuni, sodo au mafuta. Muda wa maongezi wa simu usiingizwe, kwa kuwa kamisheni yake ni ndogo mno. Zawadi nayo isiwe chupa, bali kitu ambacho faida yake ni kubwa, kama chanuo analolinunua kwa 30 na kuliuza 50. Mteja hupokea kitu cha shilingi 50, naye hutoa 30 tu.

Kadi iwe na nafasi nane, mbili zikiwa zimepigwa muhuri tangu siku ya kwanza. Jambo hili lina ushahidi. Watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha mwaka 2006 jaribio lililofanywa mahali pa kuoshea magari huko Marekani. Baadhi ya wateja walipewa kadi tupu za nafasi nane. Wengine kadi za nafasi kumi, mbili zikiwa zimekwisha kujazwa. Wote walitakiwa kuosha gari mara nane, lakini waliomaliza katika kundi la kwanza walikuwa 19 kwa kila 100, na katika la pili 34. Aliyeanza safari huona haya kuiacha njiani.

Kwa dada yetu, basi, zimebaki nafasi sita. Hata kama kila shilingi 200 zitamwachia faida ya 25 tu, kadi iliyojaa itamletea 150, naye atatoa 30, yaani moja kwa tano. Kila apigapo muhuri, atie shilingi 5 katika kopo la pembeni. Kadi ikijaa, bei ya chanuo imo humo. Ahadi hii ni deni. Nakumatt, iliyokuwa na matawi hata Mombasa, ilipoanguka, wateja walibaki na pointi katika kadi wasizoweza kuzitumia popote.

Wapo wanaopendelea kuchezesha bahati nasibu kwa wanunuzi. Sisi hatuipendelei, hasa pale bei inapopandishwa ili kuigharimia, kwa kuwa hapo mteja amelipia kamari bila kujua. Zawadi inayojulikana tangu mwanzo, kwa bei ile ile ya jana, haina utata huo.

Muhuri wa mpira huchongwa popote mjini, kwa hiyo aandike tarehe na sahihi juu yake, na nakala ibaki katika daftari. Tarehe ya mwisho ya kadi isiangukie likizo ya chuo, wanafunzi wakiwa makwao.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Kabla ya kugawa kadi mpya, aandike kwa wiki nane siku ambazo wateja ishirini wa kawaida wanafika, kisha aendelee hivyo wiki nane baada ya kadi. Aliyekuwa akija kila baada ya siku 20 akianza kuja baada ya 14, kadi inafanya kazi. Akibaki kwenye 20 na kununua kiasi kile kile, amepewa chanuo kwa ununuzi ambao angeufanya vyovyote vile, na hapo ni heri fedha za kopo zinunue bidhaa ambayo wateja huiulizia na kuikosa dukani.