Jihadi ni Nini, na Wanazuoni wa Kiislamu Waliiwekea Vita Mipaka Gani?

Wengi wetu tumelisikia neno jihadi kwa mara ya kwanza katika taarifa za mauaji. Mwezi Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, na katika shambulio hilo Wakristo walitengwa na Waislamu ili wauawe. Al-Shabaab waliotekeleza unyama huo waliuita jihadi. Ni haki yetu basi kuuliza kama sheria ya Kiislamu yenyewe inalitambua tendo la namna hiyo kwa jina hilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Nostra Aetate* ya mwaka 1965, ulituhimiza tujitahidi kwa unyofu kuelewana na Waislamu. Hatuwezi kuelewana nao juu ya neno ambalo hatujalielewa.

Neno na maana zake

Mzizi wa neno hili tunao vinywani mwetu kila siku. Maneno yetu *juhudi* na *jitihada* yametoka katika mzizi huo huo wa Kiarabu, wenye maana ya kujibidiisha na kutumia uwezo wote. Kwa asili yake, jihadi si jina la vita. Sura ya 25 ya Kurani huhesabiwa kuwa ya kipindi cha Makka, Waislamu walipokuwa hawajaruhusiwa kupigana. Humo Mtume Muhammad anaagizwa kufanya jihadi kubwa dhidi ya wasioamini kwa njia ya Kurani yenyewe, yaani kwa kuhubiri na kustahimili. Ruhusa ya kupigana inatolewa katika sura ya 22, kwa watu waliodhulumiwa na kufukuzwa majumbani mwao. Inafaa tujue kwamba mahali hapo hapo makao ya watawa na makanisa yanatajwa, pamoja na masinagogi na misikiti, kuwa nyumba ambazo zingebomolewa kama wadhalimu wasingezuiwa.

Mara nyingi tunaambiwa kwamba jihadi kubwa ni mapambano ya mtu dhidi ya nafsi yake, na kwamba vita ni jihadi ndogo. Mafundisho hayo yamelelewa sana na walimu wa kisufi, ingawa wataalamu wa Hadithi wanauona msururu wa wapokezi wa usemi huo kuwa dhaifu. Ukweli unatudai tuongeze kwamba katika vitabu vya fikihi, mlango wa jihadi unahusu hasa vita. Asemaye kwamba jihadi ni ya moyoni tu amesema nusu ya ukweli, na asemaye kwamba ni ya upanga tu amesema nusu nyingine.

Swali lililowagawa wanazuoni

Hata hivyo, mlango huo wa fikihi kwa sehemu kubwa ni orodha ya mipaka. Vita ya kushambulia ilihitaji amri ya mtawala halali; si kila mtu aliweza kujitangazia. Kuhusu wanaopigwa, Hadithi zilizo sahihi zinasimulia kwamba Mtume alikataza kuua wanawake na watoto. Naye Abu Bakari, khalifa wa kwanza, alipotuma jeshi Shamu alimwagiza jemadari wake asiue mwanamke, mtoto wala mzee, asikate miti yenye matunda, asichinje mifugo isipokuwa kwa chakula, na awaache watawa waliojitenga kwa ajili ya Mungu. Maagizo hayo yamehifadhiwa katika *Muwatta* ya Imamu Maliki.

Je, wanazuoni wote walikubaliana? Ibn Rushdi, kadhi na mwanafalsafa wa Kordoba aliyefariki mwaka 1198, analijibu swali hilo waziwazi katika kitabu chake kuhusu tofauti za madhehebu. Juu ya wanawake na watoto wasiopigana walikubaliana. Juu ya wazee, vipofu, watawa na wakulima walitofautiana: Maliki na Abu Hanifa waliwakinga wengi wao, lakini Shafii, katika mojawapo ya kauli zake, aliruhusu wauawe. Ibn Rushdi anaonyesha chanzo cha tofauti hiyo: kwa nini adui anapigwa? Kama sababu ni kutoamini kwake, kila mwanamume asiyeamini anaweza kuuawa. Kama sababu ni kwamba yeye ni mpiganaji, asiyeweza kupigana hana kosa la kumwua. Wengi wa wanazuoni walishika jibu la pili. Wanaoua leo wanadai uhuru mpana kuliko hata ule wa jibu la kwanza, kwa maana hawaachi wanawake wala watoto.

Amiri na maaskofu

Mfano wa mtu aliyejaribu kuiishi sheria hiyo ni Amiri Abdulkadiri wa Aljeria, mwanazuoni wa madhehebu ya Maliki, aliyeongoza jihadi dhidi ya Wafaransa tangu 1832 hadi 1847. Aliwakataza askari wake kuwakata vichwa mateka. Mwaka 1841 Askofu Antoine-Adolphe Dupuch, askofu wa kwanza wa Aljeri, alimwandikia akimwomba amwachilie mfungwa mmoja. Amiri alimjibu kwamba, kama mtumishi wa Mungu, alipaswa kuwaombea wafungwa wote, na tena kuwakumbuka Waislamu waliofungwa na Wafaransa. Pande mbili zikabadilishana wafungwa. Hata hivyo sheria haikutosha kila siku: mwaka 1846, Amiri akiwa mbali, wafungwa wengi Wafaransa waliuawa katika kambi yake.

Baada ya kushindwa na kufungwa Ufaransa, alihamia Damasko. Huko, tarehe 9 Julai 1860, makundi yenye silaha yaliuvamia mtaa wa Wakristo, na maelfu waliuawa. Usiku ule walikufa mtakatifu Manuel Ruiz na wenzake kumi, Wafransisko wanane na ndugu watatu Wamaroni, ambao Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Katika mji huo huo, Abdulkadiri na watu wake wa Aljeria walipita mitaani wakiwakusanya Wakristo, wakawaficha nyumbani kwake na kuwapeleka ngomeni, hata maelfu wakaokoka. Papa Pio wa Tisa alimtunukia nishani. Askofu Pavy wa Aljeri alipomshukuru, Amiri alimjibu kwamba alitenda hayo kwa kuitii sheria ya Kiislamu na haki za ubinadamu.

Sheria aliyoitaja ni ile ya *dhima*, neno ambalo kwa Kiswahili bado lina maana ya wajibu: Wakristo walioishi chini ya utawala wa Kiislamu walikuwa na haki ya kulindwa uhai na mali. Haikuwa sheria ya usawa, kwa maana iliwatoza jizia na kuwaweka daraja la chini. Lakini kumwua mtu wa dhima kulikuwa kuvunja ahadi, wala hakukuwa jihadi.

Mwezi Septemba 2014, wanazuoni zaidi ya 120 kutoka nchi mbalimbali walimwandikia barua ya wazi kiongozi wa kundi la Dola la Kiislamu, Abu Bakari al-Baghdadi. Walimwambia kwamba jihadi haipo pasipo sababu halali, kusudi halali na mwenendo halali, na kwamba kuwadhuru Wakristo ni haramu. Kwa kiasi kikubwa walitumia hoja za fikihi hiyo ya kale.

Basi, tunapozungumza na jirani Mwislamu kuhusu Garissa, tusimtake aikane jihadi, kwa maana tungemtaka aikane juhudi yake ya sala na mfungo. Tumwulize swali la Ibn Rushdi: mtu asiyebeba silaha anauawa kwa kosa gani? Katika dini yake, wengi wa wanazuoni walikwisha kulijibu.